Maswali yenu: hiyo 21 si ya chupa nzima

Wiki hii simu yangu imejaa picha za lebo za soda na juisi. Nimechagua zile zenye kosa moja, kwa sababu ni lilelile la kila mwezi na bado watu wanakunywa kwa hesabu mbovu.

Nimekutumia picha, soda imeandikwa sukari gramu 21, si hiyo iko chini ya 25 tunayoambiwa? Baba Wawili, Likoni

Ndugu yangu, rudi kwenye picha yako uangalie juu kabisa ya hiyo safu, pale palipoandikwa "Per serving 200 ml". Yaani hiyo 21 ni ya mili 200 tu, na chupa uliyoshika ni ya mili 500, nimeiona kwenye kona ya picha. Wewe husimami feri ukanywa mili 200 kisha ukafunga kizibo ukaweka mfukoni mpaka kesho, unaimaliza kabla hujafika ng'ambo.

Sasa fanya hivi. Gawanya chupa kwa kipimo, 500 kwa 200, unapata mbili na nusu. Halafu zidisha na sukari ya kipimo kimoja:

```
500 ÷ 200 = 2.5
2.5 × 21 = 52.5
```

Gramu 52 na nusu. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni kama gramu 4, kwa hivyo hapo una vijiko 13. Nilipima hiyo kwa mizani ya jikoni nikaimwaga kwenye sahani nyeupe, ni kama robo kikombe ya sukari kavu, na watoto wangu walikaa kuitazama bila kusema neno, maana chai yao naitia vijiko viwili na huwa wanalalamika haikukolea.

Hiyo 25 unayoambiwa inatokana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015. Wanasema sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike sehemu moja kwa kumi ya nguvu unayopata kwa siku, ambayo kwa mtu mzima wa kalori 2,000 ni gramu 50, na ikishuka hadi nusu yake, yaani 25, ni bora zaidi. Chupa yako moja imepita hata ile 50, na bado hujanywa chai ya jioni wala hujagusa kaimati.

Hii ina sukari ngapi? (picha)

Sijui, na wewe pia huwezi kujua kwa picha hiyo. Umepiga jedwali peke yake, kichwa cha safu kimekatwa, na ukubwa wa chupa hauko popote. Jamani nshasema hili mara nyingi, namba bila kipimo chake haisemi kitu. Nitumieni picha mbili, moja ya jedwali lote pamoja na kile kichwa, na nyingine ya pale palipoandikwa ujazo wa chupa, mara nyingi ni upande wa mbele chini. Zima flashi, chupa inang'aa na mwanga unakula namba. Na kwa vile chupa ni ya mviringo, izungushe upige tena, usiivute picha moja mpaka maandishi yakawa ukungu.

Nukta ndiyo inayopotea kwanza. Kuna dada wa Kongowea aliniandikia kwa hofu ati juisi ina gramu 105 kwa mili 100, kumbe ni 10.5. Ukitilia shaka, tazama mstari wa kalori. Gramu moja ya sukari ina kalori 4, na soda ya kawaida haina mafuta wala protini ya maana, kwa hivyo sukari mara 4 lazima ikaribiane na kalori za safu hiyohiyo. Kwa Baba Wawili, 21 mara 4 ni 84, na lebo yake imeandika 84, basi tumesoma sawa. Lakini angalia usichukue namba ya kilojuli, ile ni kubwa zaidi ya mara nne na inakaa palepale pembeni.

Kuna safu mbili, ya mili 100 na ya kipimo, nitumie ipi?

Ya mili 100 kila ikiwepo. Chupa ya 300 zidisha mara 3, ya 350 mara tatu na nusu, ya 500 mara 5, na hiyo huhitaji kujua mtengenezaji ameamua kipimo chake ni glasi ya nani.

Wanga ni 26 na sukari 21, nijumlishe?

Hapana. Sukari iko ndani ya wanga tayari. Kwa swali la sukari chukua mstari wa sukari, ila wewe unayejidunga insulini kwa kuhesabu wanga, hesabu ile 26 yote.

Juisi ya kuchanganya na maji, chupa ya lita 1, imeandikwa gramu 11 kwa glasi ya 250. Nimepata 44 chupa nzima, ni sawa? Mama Salma, Majengo

Si sawa dadangu, na hapa ndipo wengi wanapotea vibaya kabisa. Hiyo glasi ya 250 ni juisi iliyokwisha kuchanganywa. Soma maelekezo nyuma ya chupa, kwa picha yako ni sehemu 1 ya juisi kwa sehemu 4 za maji, kwa hivyo ndani ya glasi kuna mili 50 tu za kutoka kwenye chupa na 200 ni maji. Lita moja inatoa mili 50 mara 20, ndiyo kusema glasi 20, na 20 mara 11 ni gramu 220. Si 44.

Na hiyo ni kwa anayechanganya kama ilivyoandikwa. Futari zetu nazijua, mtu anamimina mpaka rangi imkolee machoni. Ukiweka nusu kwa nusu, glasi ileile ina mili 125 za juisi nzito, na sukari inakuwa gramu 27 na nusu badala ya 11. Pima kwa kikombe kabla ya kutia maji kwenye jagi, usipime kwa rangi.

Mamangu ana kisukari, sukari ikimshuka nampa soda, nimpe chupa nzima?

Usimpe nzima. Akiwa macho na anaweza kumeza, anahitaji gramu 15 za sukari ya haraka, kisha mpime tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini unarudia. Hapa unaigeuza hesabu. Kama soda ina 10.5 kwa mili 100, basi 15 gawanya kwa 10.5 mara 100 ni kama mili 143, sema 150. Chupa nzima ya 500 ingempa zaidi ya mara tatu ya anachohitaji. Na hakikisha si ile isiyo na sukari, ile haimsaidii kitu wakati huo. Akiwa amezimia usimmiminie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Leo, kabla sukari haijamshuka, mimina mili 150 kwa jagi la vipimo, tia kwenye glasi anayotumia, piga mstari kwa kalamu isiyofutika pale ilipofika, na uwaonyeshe wote wa nyumbani.