Jina la Babu: nawajibu mlioisoma hadithi

*Kwa nini Mwanaidi hakutafuta jina la babu yake moja kwa moja kwenye daftari?*

Katika hadithi yangu, Mwanaidi anatafuta jina ambalo babu yake, aliyekuwa mtumwa Unguja, alizaliwa nalo. Jina alilolijua, Mabruki, ni la utumwani. Maana yake "aliyebarikiwa", na watumwa wengi Unguja walipachikwa jina hilo. Ukilitafuta peke yake utawapata akina Mabruki chungu nzima, usijue yupi wako. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya 1897 haikuwaacha watu huru siku hiyohiyo. Aliyetaka uhuru alikwenda kuuomba, na serikali ikamlipa fidia bwana wake. Kwa hiyo ilibidi jina la bwana liandikwe, kwani ndiye mwenye kulipwa. Ndiyo maana Mwanaidi alianza na mwenye shamba. Jina la mtu huyo alilipata kwa shangazi yake, aliyekumbuka shamba la mikarafuu ambalo babu hakukubali kupita kando yake hata akizeeka. Pale Kilimani, kwenye hifadhi ya nyaraka, akawakuta akina Mabruki wawili chini ya bwana yuleyule. Mmoja alikuwa mzee. Wa pili alikuwa kijana, Mnyasa.

*Sikuelewa zile herufi tatu kwenye hati ya uhuru.*

Hati ya yule kijana imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na pembeni mwa Mabruki pana jina lake la kuzaliwa, bila irabu: kafu, be, dali. Kiarabu hakina "p", kwa hiyo waandishi wetu wa zamani waliandika "be" mahali pake. Sauti kama "mb" na "nd" nazo, mara nyingi "m" au "n" haikuandikwa kabisa. Msomaji aliijazia mwenyewe kwa kuwa alilijua neno. Lakini jina la mtoto aliyetekwa Nyasa, nani Unguja angelijua? Herufi hizo tatu zaweza kuwa Kabuda, Kapanda, Kambada, Kabendo. Mwanaidi anakosea pale anaposoma "Kabidi" na kurudi nyumbani kwa furaha. Nilitaka akosee, kwa sababu jina linalosomeka vizuri si lazima liwe jina lenyewe.

*Ni hadithi ya kweli?*

Mwanaidi nimembuni. Na ile bahati ya kukuta jina la kuzaliwa pembeni mwa Mabruki nimempa mimi. Amri, fidia na maandishi yale sikuyabuni.

*Mbona hukutuambia jina sahihi ni lipi?*

Nimelisema, ila kwa mikono ya shangazi. Rudi ukurasa wa mwisho. Mwanaidi amekaa mkekani, anayataja majina polepole, moja baada ya jingine, na shangazi anachambua mchele kwenye ungo bila kuinua macho. Kabuda, mikono inaendelea. Kambada, inaendelea. Anapotaja Kapanda, vidole vinasimama juu ya chuya. "Ndivyo baba alivyokuwa akijiita," anasema shangazi, "homa ilipompanda."