Volti 7 za ziada zinatoka wapi?

"Naingiza volti 5 kwenye saketi ya kupandisha volti, zinatoka 12. Hizo 7 zinatoka wapi? Na mbona chanzo changu cha ampea 1 kinazidiwa nikivuta nusu ampea tu?"

Zinatoka kwenye koili. Swichi ikiunganisha, koili inapata volti 5, mkondo wake unapanda na nishati inajikusanya kwenye uga wa sumaku. Swichi ikikata, mkondo huo hauwezi kukoma ghafla, kwa hiyo koili inageuza ncha zake na kuongeza volti 7 juu ya zile 5, nao unapita kwenye dayodi hadi kwenye kapasita. Kwa kiwango hicho swichi huunganisha takriban asilimia 58 ya muda wa kila mzunguko wa kuunganisha na kukata.

Lakini nishati haiongezeki! Volti 12 kwa nusu ampea ni wati 6, hivyo chanzo cha volti 5 lazima kitoe ampea 1.2, na zaidi kidogo kwa sababu ya upotevu. Tafuta cha ampea 2.