Dondakoo: koo likipona, msimwache mgonjwa

Nawaandikia ninyi mnaoanza wodini, kwa sababu dondakoo mtaliona mara chache na siku mkiliona hamtakuwa na muda wa kwenda kusoma.

Anzeni na tochi. Utando wa dondakoo ni wa kijivu na mzito, umeng'ang'ania nyama iliyo chini yake. Usaha wa tezi za koo za kawaida hukaa juu ya tezi na hufutika. Utando huu huvuka tezi ukapanda kwenye kimio na kaakaa laini, na ukiubandua damu inatoka. Msiubandue ili kuthibitisha. Sampuli ichukuliwe kwa pamba pembeni mwa utando au chini ya ukingo wake, basi.

Mgonjwa ninayemkumbuka zaidi ni mvulana wa miaka 7. Alifika siku ya tatu ya kuumwa koo, homa yake ndogo tu, lakini shingo imevimba chini ya taya zote mbili na utando umefunika kimio. Homa ndogo isiwadanganye. Bakteria wenyewe hukaa kooni. Kinachoua ni sumu yao inayoingia kwenye damu na kuzuia seli zisitengeneze protini. Moyo na neva ndivyo huumia zaidi.

Hapo ndipo penye uamuzi mgumu. Antitoksini hunasa sumu ikiwa bado inazunguka kwenye damu. Ikishaingia ndani ya seli, hakuna dawa ya kuitoa. Miaka kadhaa kabla ya mvulana huyu tulikuwa na msichana ambaye tulimsubirishia majibu ya maabara kwa siku mbili. Majibu yalikuja yakiwa sahihi, na moyo wake ulikuwa umeshachelewa kuokolewa. Tangu hapo nikiona utando na shingo iliyovimba naomba antitoksini saa hiyohiyo, sampuli iende kuoteshwa huku dawa inaingia.

Kipimo cha dawa hakifuati uzito wa mtoto, kinafuata wingi wa sumu: ugonjwa umeenea kiasi gani na umekaa siku ngapi. Ugonjwa wa koo peke yake, chini ya siku 2, huhitaji yuniti 20,000. Mvulana wetu, kwa siku 3 na shingo ile, alipewa 80,000, kama ambavyo mtu mzima angepewa. Iliingia polepole kwa dripu kwa saa kadhaa. Dawa hii hutokana na damu ya farasi, kwa hiyo adrenalini ilikuwa imeshavutwa kwenye sindano kabla dripu haijafunguliwa, na muuguzi hakuondoka kitandani. Azithromisini tulianza jioni ileile, kwa siku 14. Antibiotiki huua kiwanda cha sumu. Haigusi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Ndiyo maana moja haichukui nafasi ya nyingine.

Siku ya tano utando ulikuwa umejimenya wenyewe na mtoto anaomba kwenda kucheza. Mama yake akauliza kama wanaweza kurudi nyumbani. Nilikataa, na siku ya tisa mapigo yake yakaanza kuruka. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha umeme unachelewa kupita. Alibaki kitandani, hata chooni hakwenda kwa miguu, kwa kuwa moyo wenye sumu unaweza kusimama kwa juhudi ndogo tu. Ulitulia baada ya siku kumi hivi. Wiki ya tatu sauti ikawa ya puani na maziwa yakamtokea puani akinywa: neva za kaakaa. Miguu nayo inaweza kulegea hata baada ya mwezi mmodi au miwili, kwa hiyo mwambieni mzazi dalili hizo kabla ya kuruhusu.

Nyumbani kwao walikuwa mama, bibi na mdogo wake wa miaka 4. Hawa hawapewi antitoksini maadamu hawaumwi. Tulichukua sampuli za koo kwanza, kisha kila mmoja sindano moja ya penisilini benzathini: yuniti 600,000 kwa mdogo, maana yuko chini ya miaka 6, na 1,200,000 kwa wakubwa. Chanjo zilizopungua zikakamilishwa. Halafu tuliwaangalia koo kila siku kwa siku 10. Sampuli ya bibi ikaota bakteria ingawa hakuwa na dalili hata moja, kwa hiyo alipimwa tena baada ya dawa hadi akawa safi.

Mvulana mwenyewe alitolewa kwenye chumba cha kutengwa baada ya kumaliza antibiotiki na sampuli mbili, zilizopishana saa 24, kutoota kitu. Naye alichanjwa kabla ya kuondoka, kwani kuugua dondakoo hakumhakikishii mtu kinga.