Mkutano wa wapangaji: lipi litengenezwe kwanza?

Nimechaguliwa kuwasemea wapangaji wa nyumba 16 hapa Tudor, Mombasa. Mkutano ni Jumapili, malalamiko ni 11. Nianzie wapi?

Usianze na lile linalopigiwa kelele zaidi. Liulize kila lalamiko: likiachwa wiki moja, mtu anaweza kuumia? Likiachwa mpaka masika yaishe, litagharimu zaidi? Linalobaki ni kero tu. Katika orodha yako ya kuumiza naona matatu: maji ya paa yanayoteremka ukutani hadi kwenye mita za stima, chemba inayofurika kando ya tangi la chini, na roshani inayomeguka. Yale manane, pamoja na geti linalokwama, yasome mwishoni kwa pumzi moja.

Kwa kila moja ya hayo matatu, tenganisha la kufanywa leo na ukarabati wenyewe. Wawakilishi wengi hukwama hapa. Roshani haitajengwa kesho, lakini kufunga njia inayopita chini yake ni kamba na dakika kumi.

Wa juu wanataka paa, wa chini wanataka chemba. Nikitaja moja kwanza, nusu ya watu watanuna.

Waonyeshe kuwa paa ni shida ya wote, kwa sababu maji yake yanaishia kwenye mita za jengo zima. Ningesema hivi:

“Ndugu zangu, la kwanza ni mita. Ukuta ule umelowa, na jirani yetu amesikia harufu ya kuungua. Kuanzia sasa asiuguse mtu wala asifungue kisanduku. Kenya Power waitwe leo, na paa juu ya ukuta ule lizibwe wiki hii, la sivyo fundi wa stima atarudi kila mvua. La pili ni chemba. Mpaka izibuliwe na tangi lisafishwe, maji yale hatunywi.”

Watu wa chini wakilalamika kuwa wamewekwa wa pili, waeleze kwamba maji yana njia ya kuepukwa leo hii, kwa kununua ya kunywa. Ukuta wenye umeme hauna onyo. Mtoto anaegemea tu.

Tutajuaje kama chemba imeingia kwenye tangi? Maji yanaonekana safi.

Macho hayatoshi. Angalia kwanza mfuniko: ukiwa sawa na sakafu ya ua au chini yake, maji machafu yakifurika yanaingia moja kwa moja. Kisha kumbuka siku za mgao. Tangi likijaa, maji husukuma kutoka ndani kwenda nje kwenye nyufa. Likikaribia kukauka na udongo wa nje umelowa, mkondo hugeuka. Kwa hiyo tangi lenye ufa huwa hatari zaidi siku zile mnazochota ya chini kabisa. Pelekeni sampuli maabara ipimwe bakteria wa kinyesi, ila msiendelee kunywa mkisubiri majibu.

Roshani ilipigwa plasta na rangi mwaka jana, sasa inadondoka tena. Si urembo tu?

Hapana, na plasta ile imeongeza hatari. Kwetu pwani chumvi hupenya kwenye zege na kufikia nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, basi hulisukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke. Ukiifunika, kutu inaendelea, na safari hii zege linaanguka pamoja na plasta yake.

Dalili ni michirizi ya kahawia, ufa unaofuata mstari wa nondo, na mlio wa utupu ukigonga. Agongaye awe fundi, naye asisimame chini yake. Ukarabati wa kweli ni kuchimba mpaka nyuma ya nondo, kusugua kutu, kubadilisha zilizoliwa sana, ndipo kujaza. Mhandisi aone kwanza. Kwa sasa mapipa ya maji yashuke kutoka roshani ile.

Mwenye nyumba akisema hana pesa?

Hatua za leo karibu zote ni bure, kwa hiyo jibu hilo haliziondoi. Kwa ukarabati, mkumbushe kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012: anayepangisha sehemu ya jengo ndiye mwenye wajibu wa paa, kuta za nje, mitaro mikuu na sehemu za pamoja. Usikisome kwa ukali. Mzee wa watu akiaibishwa mbele ya wapangaji wake hufunga masikio. Mpe picha zenye tarehe, muulize siku, na katibu aiandike hapo hapo.

Na rangi ya ngazi? Akina mama wameisisitiza sana.

Baada ya paa. Ukipaka ukuta uliolowa, itavimba na kubanduka, na mtaichangia mara mbili.