Barua kwa mwanangu: karatasi ziwe na kauli moja

"Baba, Jumatatu nampeleka mama mdogo ofisi ya pensheni. Hajawahi kufika huko tangu baba mdogo afariki. Amekusanya karatasi faili zima. Je, zinatosha?"

Mwanangu,

Wingi wa karatasi usikupe wasiwasi. Shangazi yako alikwenda na faili nene kuliko hilo, hadi risiti za umeme alizitia, akarudi nalo lote kama alivyokwenda. Karatasi zilikuwapo, ila hazikuwa na kauli moja. Neno hili umelisikia kwangu mara nyingi, na humu utalikuta tena.

Karani aliyekaa dirishani alipekua faili lile akabakiza vitu vitano mezani: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, kitambulisho cha shangazi yako, karatasi za kazi za marehemu mumewe zenye namba yake ya pensheni, na maelezo ya akaunti ya benki. Angekuwa na mtoto mdogo bado, kingeongezwa cheti cha kuzaliwa cha huyo mtoto. Vingine vyote vilirudishwa ndani. Hata kibali cha mazishi, ambacho shangazi yako alikiweka juu kabisa akijua ndicho kikuu, hakikufaa kitu. Kibali kinaruhusu kuzika tu. Kinachotakiwa ni cheti kinachotolewa na msajili baada ya kifo kuandikishwa, na watu wengi huishia kwenye kibali wakidhani wamemaliza.

Kisha karani akazipanga zile karatasi ubavu kwa ubavu, akaanza kusoma majina herufi kwa herufi. Hapo ndipo penyewe. Anatafuta mambo matatu: kwamba aliyekufa ndiye yule aliyekuwa akilipwa, kwamba mwanamke huyu ndiye mke wa huyo aliyekufa, na kwamba akaunti ni ya mwanamke huyu huyu. Jambo la kwanza linathibitishwa na cheti cha kifo kikilinganishwa na karatasi za kazi. La pili ni cheti cha ndoa. La tatu ni kitambulisho na karatasi ya benki. Mahali popote jina linapobadilika, mnyororo umekatika.

Kwenye karatasi za kazi marehemu aliandikwa "Hamis". Cheti cha kifo kilisema "Hamisi". Cheti cha ndoa kilikuwa na jina la utani alilokuwa akiitwa ujanani, ambalo sisi sote tulilizoea hata hatukuona kwamba ni jina jingine. Majina matatu, mtu mmoja. Shangazi yako akaambiwa alete kiapo, yaani hati inayoapwa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha, ikieleza kwamba majina yale ni ya mtu mmoja. Akaenda, akaapa, akarudi. Kiapo kikakataliwa, kwa sababu kilitaja "Hamis" na "Hamisi" tu na kile cheti cha ndoa kikaachwa nje. Ikabidi aape upya. Kwa hiyo kiapo kikihitajika, kitaje kila jina kama lilivyoandikwa kwenye kila karatasi, pamoja na makosa yake, na kiseme karatasi ipi ina jina lipi. Jina lisilokuwapo humo ndani litaulizwa tena dirishani. Na kama kosa liko kwenye cheti cha kifo chenyewe, ulizeni kwa msajili kama kinaweza kusahihishwa, maana cheti hicho mtakitumia benki na kwenye mirathi pia.

Mara ya pili hiyo hiyo, baada ya majina, ndipo karani alipotazama akaunti. Ilikuwa ya marehemu. Shangazi yako alikuwa na kadi yake na namba ya siri kwa miaka, akaihesabu kuwa yake. Benki ikishajua mwenye akaunti amekufa huifunga mpaka mirathi ishughulikiwe, na pensheni ya mjane hailipwi humo. Akaenda kufungua akaunti yake mwenyewe, akaleta barua ya benki yenye jina lile lile la kwenye kitambulisho. Safari ya tatu hiyo.

Hapa huwa nabishana na nafsi yangu. Yule karani alikuwa na haki kukataa majina matatu, kwa sababu wapo wanaodai pensheni za watu wasiowahusu, na akipitisha vibaya fedha huenda kwa asiye na haki, halafu mjane wa kweli akija hukuta zimeshachukuliwa. Sawa. Lakini akaunti ilikuwa juu ya meza ile ile siku ile ya kwanza. Kwa nini asiitazame na kumwambia yote kwa pamoja? Labda alisimama pale alipoona kosa la kwanza, kama wengi wafanyavyo. Ndiyo maana nakuagiza: karani akirudisha kitu, msiondoke dirishani kabla hujamuuliza, "Ukiacha hili, kuna jingine?" Na umwombe aliandike.

Lililouma zaidi lilikuja mwishoni. Baada ya kifo, pensheni ya marehemu iliendelea kuingia miezi mitatu, kwa kuwa hakuna aliyepeleka taarifa, na binamu yako mkubwa akaitoa kwa kadi kulipia gharama za msiba. Pensheni ya mtu hukoma akifa. Ya mjane huanza kama haki nyingine, na mara nyingi huwa pungufu. Kwenye mfuko ule ilikuwa nusu, na mifuko mingine ina kiwango chake. Sasa hesabu. Miezi mitatu ya pensheni kamili ni sawa na miezi sita ya nusu. Madai yalipitishwa mwezi wa saba baada ya kifo, shangazi yako akitarajia malimbikizo ya miezi saba. Wakakata ile sita. Akapokea ya mwezi mmoja.

Najua unangoja niseme kama binamu yako alikosea. Sisemi. Msiba una gharama, na hakujificha. Ila kadi ya marehemu ilipaswa kulala kabatini, na taarifa ya kifo ipelekwe wiki ile ile hata kama cheti bado. Nimesema sisemi, basi.

Kwa hiyo kabla ya Jumatatu muulize mama mdogo kwa upole kama kuna fedha iliyoingia tangu baba mdogo afariki na kama imeguswa. Ikiwa haijaguswa, ibaki. Ikiwa imeguswa, aseme mwenyewe dirishani, aombe ikatwe kidogo kidogo. Huenda wakakubali, huenda wasikubali, lakini hatashtukizwa.

Nakala halisi zisibaki pale. Toeni nakala mbili za kila karatasi, zigongwe muhuri na mwenye mamlaka ya kuthibitisha, halafu karani aonyeshwe zile halisi na mama mdogo arudishiwe. Ile nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, namba ya jalada iandikwe juu yake. Faili likipotea huko ndani, hiyo ndiyo itakayoonyesha alileta nini na lini.

Leo jioni zitandaze mezani kwake, umsomee majina herufi kwa herufi, kauli moja au si moja. Anza na cheti cha ndoa. Baba mdogo naye alikuwa na jina la ujanani, na mama mdogo hadi leo humwita kwa hilo.

Baba yako