Picha iliyotikisika na ile iliyokosa fokasi, ipi inaokoleka?

"Nina picha mbili za ayie ya dadangu, ile sherehe ya Kiluo ya kabla ya harusi, zimetoka na ukungu. Moja nadhani mkono ulitikisika, nyingine fokasi ilishika watu wa nyuma. Kuna ya kuokoa ama nifute zote?"

Usifute kwanza ndugu. Mimi yalinipata hayo hayo kwa ayie moja huko Ahero, jioni chini ya tenti, kamera ya megapikseli 24 na lenzi ya 50mm, na nilirudi Kisumu na picha mbili za bibi harusi, zote mbovu ukiziangalia kwa simu ila ubovu wenyewe haukuwa mmoja.

Fungua picha kwa kompyuta, zum mpaka 100% halafu tafuta kitu kidogo kinachong'aa, kama balbu ya mbali, hereni, ama ule mwanga mdogo ndani ya jicho. Kwa picha yangu ya kwanza, niliyopiga na shata ya 1/15 ya sekunde, kila balbu ilikuwa imechora kamstari kanapanda kidogo kwenda kulia, na kamstari kalikuwa kale kale picha nzima. Hiyo ni kamera imetikisika. (Kama ni mtu mmoja tu ana mistari na wengine wako sawa, basi ni yeye alisonga.) Ya pili haikuwa na mistari, hereni yake ilikuwa imefura ikawa duara, na shangazi aliyekaa nyuma yake alionekana hadi nyuzi za kitenge. Hapo fokasi imempita mwenyewe.

Sasa kwa nini ya kwanza ina matumaini? Mkono ukivuta picha upande mmoja, maelezo yanapotea kwa huo upande tu. Angalia mistari inayoelekea kule kule mkono ulikoenda, utakuta bado ina makali yake. Alafu kale kamstari ka balbu ndiyo ramani yenyewe ya vile mkono ulienda, ukiipatia kompyuta inaweza kurudisha mwanga pale ulipotoka. Yangu ilikuwa pikseli 11 kwa upana na inapanda pikseli 4, nikaandika hivi kwa Python:

```python
from skimage import io, restoration, draw, util
import numpy as np
p = io.imread('ayie.png', as_gray=True) ** 2.2
k = np.zeros((13, 13))
k[draw.line(8, 1, 4, 11)] = 1
k /= k.sum()
s = restoration.richardson_lucy(p, k, num_iter=15)
io.imsave('safi.png', util.img_as_ubyte(np.clip(s, 0, 1) ** (1/2.2)))
```

Hiyo 2.2 ni ya kurudisha picha karibu na mwanga halisi, kwa sababu ukungu ulitokea kwenye mwanga kabla kamera haijaipaka mng'ao wake. Matokeo hutoka bila rangi, kwa hivyo niliyaweka juu ya picha asili ndani ya programu ya GIMP, modi ya `Luminance`, na rangi zikabaki zile zile. Macho yalirudi, hata shanga za shingoni ukaweza kuzihesabu. Ukiona kingo zimejirudia mara mbili jua ramani yako haiko sawa, pima tena. Ukiona chengachenga kwenye ngozi umezidisha marudio ya `num_iter`, mimi nilijaribu 40 uso ukawa kama mchanga nikarudi 15. Balbu zenyewe zitabaki na miduara ya ajabu kandokando kwa sababu mwanga wake ulishapita kipimo cha kamera, hizo zifunike tu na za picha asili. Na kamstari kakifika pikseli 30 hivi, ama kamejikunja kunja, mimi huwa naacha.

Hiyo ya fokasi ndiyo ngumu. Ukungu wa duara unakula pande zote kwa pamoja, kuna maelezo madogo yanafutika kabisa na hakuna hesabu ya kuyarudisha, tena duara la pua si sawa na la sikio kwa sababu umbali ni tofauti. Lenzi nilikuwa nimeifungua f/1.8, mita mbili hivi kutoka kwake, na kwa sensa ndogo kama yangu sehemu yenye makali hapo ni kama sentimita 11 tu. Hereni ilikuwa duara la pikseli 18. Nilijaribu Capture Sharpening ya programu ya RawTherapee, kope hazikurudi, ila kingo za kilemba zilipata mawimbi mabaya.

Kinachosaidia hapo ni kupunguza saizi. Postikadi ya inchi 6 kwa 4 inataka pikseli 1800 tu kwa upana, na picha yangu ilikuwa 6000, kwa hivyo duara la pikseli 6 linashuka chini ya 2 na macho hayalioni. Langu la 18 lilibaki zaidi ya 5, bado linaonekana, basi hiyo sikuichapisha. Pima hereni ama jicho la dadako kabla hujaamua, na upime kwa faili ya kwenye kamera yenyewe, si ile iliyopita WhatsApp, hiyo ilishaminywa na ukiipitisha kwa hesabu hizi utatoa viboksi tu.