Utani wa mstari mmoja: maswali ya wafasiri

Mzaramo alifiwa na baba yake. Mwenzake kazini, Mnyamwezi, akamwandikia: "Afadhali, sasa pilau itabaki." Bosi wao Mwingereza anataka tafsiri. Niandikeje?

Kwanza hakikisha kama kweli hao ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi wana utani wa siku nyingi, ambao wengi huuhusisha na misafara ya karne ya 19 iliyoshuka pwani kupitia Uzaramo. Msibani mtani ana ruhusa ya kumcheka marehemu, hata kuigiza mwendo wake, na mfiwa hatakiwi kukasirika. Mtani huyohuyo hushika kazi za msiba. Maneno hayohayo yangetoka kwa mtu asiye mtani yangekuwa tusi, kwa hiyo uliza: aliyetuma alifika msibani? Mfiwa alimjibu nini? Akijibu "Ukija utaosha masufuria wewe," basi utani umepokelewa.

Kwa bosi, andika maneno kama yalivyo, kisha weka maelezo ya mfasiri ya sentensi mbili: hawa ni watani wa kikabila, na kwa desturi yao dhihaka hii ni sehemu ya kumfariji mfiwa. Usilainishe maneno yenyewe. Bosi huenda anaamua kama kuna kosa la kinidhamu, na ukimwandikia "pole sana" umemficha kile kilichosemwa.

Ila kama unafasiri hadithi, ambako maelezo ya pembeni yanakata utamu, hamisha mzaha kutoka kwa marehemu kwenda kwa aliye hai: "Nakuja, na safari hii pilau nitaimaliza mimi." Makali ya asili yanapotea, lakini ukaribu wa watu hao wawili unabaki, na ndio msomaji anaouhitaji.

Bibi yangu huniandikia: "Mume wangu, umenitelekeza?" Mke wangu Mmarekani ameuona na kushtuka.

Mfasirie ombi lililomo: bibi anauliza mbona kimya. Halafu mweleze kwamba kwetu bibi humtania mjukuu wa kiume kwa kumwita mume. Akishalizoea, mfasirie neno kwa neno, naye acheke.

Kwa nini nisiongeze tu kijikatuni cha kucheka, au ile alama ya kejeli, /s?

Alama hizo ni za mwandishi. Mwanasayansi wa kompyuta Scott Fahlman alipopendekeza :-) mwaka 1982, alitaka anayetania aiweke mwenyewe. Wewe ukiiongeza, umesema kwa niaba yake jambo ambalo pengine alikusudia kulifumba. Mtu akiandika "Wengine Mungu kawajalia majirani wema," anajiachia nafasi ya kusema hakumlenga yeyote. Ukibandika /s, umemnyang'anya nafasi hiyo na huenda umeanzisha ugomvi. Fumbo lifasiri kwa sentensi nyingine inayoweza kusomeka pande zote mbili, bila alama. Na kijikatuni cha kucheka kwenye ujumbe wa msiba kitamfanya Mwingereza aone mtu anafurahia kifo.